Matangazo ya washindani: jinsi ya kuzisoma ofa zinazodumu

Maktaba ya Matangazo ya Meta ni kumbukumbu ya wazi ya matangazo ya kulipia yanayoonyeshwa kwenye Facebook, Instagram na Messenger. Inapatikana kwa anwani `facebook.com/ads/library`, haitozi ada, wala anayeitazama halazimiki kuwa na akaunti. Mtu akichagua nchi na kuandika jina la duka, huletewa kila tangazo ambalo duka hilo linalilipia siku hiyo, pamoja na picha au video yake, maneno yake, kitufe chake na tarehe lilipoanza kuonyeshwa. Mfanyabiashara anayetaka kujua washindani wake wanauzaje anaweza kuyasoma hayo yote akiwa mezani kwake.

Maktaba hii haikuanzishwa kwa ajili ya wafanyabiashara. Baada ya uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2016, Facebook ilishinikizwa kueleza nani anayelipia matangazo ya siasa. Mwezi Mei 2018 ikaanzisha kumbukumbu ya matangazo ya siasa nchini humo, na mwezi Machi 2019 ikaipanua ili ionyeshe matangazo yote yaliyo hewani, yakiwemo ya viatu, vipodozi, vyuo na viwanja. Hapo ndipo ilipogeuka kuwa chombo cha kuchunguzia soko.

Kinachoonekana na kinachofichwa

Kila tangazo huwekwa ndani ya kadi yake. Juu huandikwa hali ya tangazo, yaani `Active` likiwa bado linaonyeshwa, kisha namba yake ya utambulisho, `Library ID`. Chini yake huja tarehe ya kuanza, `Started running on`, na alama za majukwaa linakoonyeshwa. Baadhi ya kadi zina maelezo kwamba matangazo kadhaa yanatumia picha na maneno yaleyale, au kwamba tangazo lina matoleo zaidi ya moja. Halafu hufuata tangazo lenyewe kama mteja anavyoliona, hadi kitufe cha mwisho kinachompeleka kwenye tovuti, kwenye fomu au kwenye WhatsApp.

Kwa tangazo la kawaida la biashara linaloonyeshwa Tanzania au Kenya, maktaba haisemi mshindani ametumia shilingi ngapi, wala ni watu wangapi wameliona, wala ameuza kiasi gani. Idadi ya waliolipenda na maoni yao pia haionekani. Tena tangazo la aina hiyo likizimwa, hutoweka katika maktaba. Kumbukumbu ya miaka saba, yenye makadirio ya fedha zilizotumika, ni ya matangazo ya siasa na masuala ya jamii tu.

Ulaya mambo ni tofauti. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya Huduma za Kidijitali, iliyoanza kuyabana majukwaa makubwa mwezi Agosti 2023, inayataka yahifadhi kila tangazo kwa mwaka mmoja baada ya kuonyeshwa kwa mara ya mwisho, na yaeleze limewafikia watu wangapi. Sheria hiyo inawagusa wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanaouza safari za Serengeti, kupanda Kilimanjaro au vyumba vya hoteli Zanzibar. Wengi wao huwatafuta wateja Ujerumani, Italia au Ufaransa. Anayechunguza washindani wa biashara hiyo akichagua nchi ya Ulaya badala ya Tanzania, ataona hata matangazo yaliyokwisha kuzimwa, idadi ya akaunti zilizofikiwa, na mgawanyo wake kwa umri na jinsia. Anayechagua Tanzania peke yake hukosa taarifa hizo zote.

Kuwapata washindani

Kuna njia mbili za kutafuta, na zote zinahitajika. Ya kwanza ni kwa jina la ukurasa. Njia hii huleta matangazo yote ya ukurasa huo, lakini duka moja linaweza kuwa na kurasa tatu au nne, kila moja ikitangaza kivyake. Ya pili ni kwa neno. Aina ya tangazo iwekwe `All ads`, kisha kuandikwe neno ambalo muuzaji angelitumia kwenye tangazo lake: “godoro”, “magodoro”, “lipia ukipokea”. Maneno yakifungwa katika alama za nukuu, maktaba hutafuta yakiwa yamefuatana hivyohivyo.

Neno moja halitoshi kamwe. Wauzaji wa nchi hizi huchanganya Kiswahili na Kiingereza, hufupisha maneno, na wengine huandika tu “Bei poa, piga simu” huku bidhaa ikionekana kwenye picha. Tangazo la namna hiyo haliwezi kupatikana kwa kuandika jina la bidhaa. Ndiyo maana inafaa kuanza kwa maneno ili kugundua kurasa ambazo hazikujulikana, kisha kuzifungua kurasa hizo moja moja na kusoma kila kitu kilichomo. Washindani watano hadi wanane wanatosha. Orodha ikizidi hapo, mchunguzi huchoka wiki ya pili, na kazi hii haina faida isipoendelea kwa wiki kadhaa.

Kwa nini umri wa tangazo una maana

Tangazo la kulipia hula fedha kila siku linapoonyeshwa. Muuzaji anayefuatilia hesabu zake hulizima lisilomletea wateja, kwa kawaida ndani ya siku chache au wiki moja mbili, na huliacha lile linalorudisha fedha zake. Kwa hiyo tangazo lililoanza miezi mitano iliyopita na bado linaonyeshwa limepita mchujo huo mara nyingi. Mchunguzi haoni mauzo ya mshindani, lakini anaona uamuzi wake wa kuendelea kulipa.

Dalili ya pili ni kurudiwa. Muuzaji akiona tangazo limekubalika, huliongezea fedha kwa kulinakili katika kampeni nyingine, au hutengeneza jipya linalofanana nalo: maneno yaleyale na msemaji mwingine, au video ileile yenye mwanzo tofauti. Kila nakala hupata namba yake na tarehe yake. Matokeo yake ni kwamba tangazo linaloonekana la juzi linaweza kuwa mtoto wa tangazo la mwaka jana. Anayetazama tarehe peke yake humkosa huyo mtoto. Anayetazama sura na maneno humtambua. Ofa ikionekana katika matangazo sita ya mshindani mmoja, yaliyoanza katika miezi minne tofauti, ushahidi wake una nguvu kuliko tangazo moja lenye umri huohuo.

Hata hivyo umri unaweza kudanganya, na kuna sababu nne za kuangalia. Kwanza, tangazo linaweza kuwa limesahaulika. Mtu alilisponsa kwa bajeti ndogo ya kila siku, kadi ya benki ikaendelea kukatwa, na hakuna anayelitazama. Hali hii hutambulika kwa ukurasa wenye tangazo moja tu la zamani, bila tangazo jipya wala machapisho mapya, na pengine likitaja bei au sikukuu iliyokwisha kupita. Pili, kampuni kubwa za simu, benki au vinywaji huendesha matangazo ya kujenga jina ambayo hayapimwi kwa mauzo ya wiki, hivyo kudumu kwake hakuthibitishi kwamba ofa inauza. Tatu, tangazo linaweza kuwa limelengwa kwa watu waliokwisha kutembelea tovuti ya muuzaji. Kwao maneno mafupi na picha ya bidhaa vinatosha, lakini mgeni asiyemjua muuzaji hatashawishika, na maktaba haisemi tangazo lililengwa kwa kundi lipi kati ya hayo mawili. Nne, tarehe ya kuanza haielezi kama tangazo lilisimamishwa katikati. Lililoanza Januari na kuonekana Juni huenda lilipumzishwa miezi mitatu.

Tiba ya kasoro hizo ni kufanya ukaguzi kwa ratiba. Kwa kuwa matangazo ya Tanzania na Kenya hutoweka yakizimwa, mchunguzi hana budi kujiwekea kumbukumbu yake mwenyewe. Kila wiki, siku ileile, anafungua kurasa za washindani, anapiga skrinishoti ya kila tangazo jipya, anaandika namba yake na tarehe ya kuanza, na kuweka alama kwa yale ya zamani yaliyobaki na yale yaliyotoweka. Baada ya wiki nane ana kitu ambacho maktaba yenyewe haimpi: historia ya yaliyojaribiwa yakaachwa. Kilichoachwa kina mafunzo sawa na kilichodumu, kwa sababu bila hicho haijulikani mshindani alikuwa anachagua kati ya nini na nini.

Kutenganisha ofa na mtindo

Kosa la kawaida katika kazi hii ni kulitazama tangazo kama kitu kimoja. Tangazo lina sehemu mbili zinazofanya kazi tofauti. Ofa ni makubaliano anayopewa mteja: bei, punguzo, zawadi, usafiri, namna ya kulipa, dhamana, muda wa mwisho. Mtindo ni namna ofa hiyo inavyoonyeshwa: picha ya bango au video, mtu anayezungumza au bidhaa peke yake, nyumba halisi au studio, sentensi ya kwanza, urefu wa maneno. Tangazo linaweza kudumu kwa nguvu ya ofa ingawa video yake ni dhaifu, au kwa nguvu ya video ingawa ofa yake ni ya kawaida.

Kwa sababu hiyo jedwali la mchunguzi linahitaji safu chache zilizotengana: mshindani, namba ya tangazo, tarehe ya kuanza, ofa, mtindo, sentensi ya kwanza, kitufe kinakoelekea, na wiki lilipoonekana kwa mara ya mwisho. Jedwali likishajaa, husomwa kwa kushika safu moja na kuangalia nyingine. Ofa ileile ikidumu ndani ya bango, video na picha za wateja, ofa ndiyo inayobeba mzigo. Mtindo uleule ukidumu huku ofa zikibadilika kila mwezi, basi ni mtindo. Vyote viwili vikidumu pamoja tu, haijulikani kipi ni kipi, na jibu litapatikana kwa majaribio.

Kitufe pia kisomwe. Tangazo linalopeleka WhatsApp linamtegemea mtu wa kujibu na kushawishi, kwa hiyo maneno yake yanaweza kuwa machache na bei isitajwe. Linalopeleka kwenye tovuti halina budi kujibu maswali mapema. Anayeiga tangazo la WhatsApp bila kuwa na mtu wa kujibu kwa haraka amechukua nusu tu ya kitu.

Mfano: soko la magodoro

Tuseme muuzaji wa magodoro wa Dar es Salaam anataka kujua atangaze kwa ofa gani. Amekuwa akisponsa bango la “punguzo asilimia 20” na matokeo yake ni hafifu. Anatafuta kwa maneno “godoro” na “magodoro”, anapata kurasa saba, anachagua tatu zinazouza kwa bei zinazokaribiana na zake, kisha anazifuata kwa wiki nane.

Mshindani wa kwanza ana matangazo 14 hewani. Kumi na moja yana umri usiozidi wiki mbili, matatu yamezidi miezi minne. Yale ya muda mfupi yana mabango ya punguzo yenye rangi kali, na kila baada ya siku kumi hivi hubadilishwa na mengine. Yale matatu ya zamani hayataji punguzo lolote. Yote yanasema mteja alipie baada ya kupokea na kulikagua godoro. Mawili kati yake ni video zilizopigwa kwa simu: kirikuu inaegeshwa nje ya nyumba, godoro linashushwa, nailoni inachanwa, mwenye nyumba anapima unene kwa futi kamba mbele ya kamera, ndipo anatoa simu na kulipa. La tatu ni picha ya kawaida yenye maneno yaleyale. Hapa ofa inaonekana katika mitindo miwili, nayo imedumu katika yote miwili.

Mshindani wa pili ana tangazo moja tu, lenye miezi tisa. Kwa umri linawashinda wote. Lakini ukurasa wake haujaweka chapisho jipya kwa miezi mingi, na tangazo linataja ofa ya Idi ambayo ilikwisha kupita. Dalili zote ni za tangazo lililosahaulika, kwa hiyo linaondolewa katika hesabu.

Mshindani wa tatu hana tangazo lililozidi wiki mbili, na ukaguzi wa siku moja ungemfanya aonekane anabahatisha. Kumbukumbu ya wiki nane inasema vingine. Kila mwezi karibu na tarehe 25 hutoa tangazo jipya la “nunua godoro, upate mito miwili bure”, na kufikia tarehe 5 huwa limezimwa. Picha hubadilika, ofa haibadiliki. Huyu anauza wakati wa mishahara, na tangazo lake hufa kwa ratiba, si kwa kushindwa.

Kutokana na hayo muuzaji hapati jibu, anapata dhana mbili za kujaribu. Ya kwanza ni kwamba wanunuzi wa magodoro mtandaoni wanazuiwa na hofu ya kutapeliwa kuliko bei, na ndiyo maana malipo baada ya kukagua yamedumu huku mapunguzo yakija na kuondoka. Ya pili ni kwamba zawadi inafanya kazi pale tu mteja ana fedha mkononi. Anazijaribu moja baada ya nyingine. Katika jaribio la kwanza anatumia picha ileile na bajeti ileile kwa matangazo mawili, moja la punguzo na jingine la kulipia ukipokea, ili kinachotofautiana kiwe ofa tu. Ofa ikishinda, ndipo anajaribu bango dhidi ya video ya kushusha mzigo.

Kabla ya jaribio hilo anapiga hesabu ambayo maktaba haiwezi kumpigia. Kulipia ukipokea kuna gharama yake: baadhi ya wateja hukataa mzigo ukiwa mlangoni. Akichukulia kwamba katika safari 20 mizigo minne inarudi, na kila safari inagharimu shilingi 15,000, atapoteza shilingi 60,000. Zikigawanywa kwa magodoro 16 yaliyouzwa, kila moja linabeba shilingi 3,750 za ziada. Faida yake kwa godoro ikiwa 40,000, ofa hiyo inabebeka. Ikiwa 5,000, haibebeki, hata kama mshindani ameiendesha mwaka mzima, kwa kuwa huenda mshindani ananunua kiwandani kwa bei ya chini au ana gari lake mwenyewe. Kudumu kwa ofa kunaeleza hesabu za anayeitoa tu.

Mpaka wa kuiga

Wazo la ofa halina mwenyewe. Yeyote anaweza kutoa mito miwili bure au kukubali malipo baada ya kukagua. Picha, video na maandishi ya tangazo ni jambo jingine: vinalindwa na sheria za hakimiliki, Tanzania kwa sheria ya mwaka 1999 na Kenya kwa ile ya mwaka 2001, na masharti ya Meta yanamruhusu mwenye kazi kuomba tangazo lililoibwa liondolewe. Kuipakua video ya mshindani, kufuta nembo yake na kubandika namba nyingine ya simu ni wizi, na pia ni udanganyifu kwa mteja, maana godoro analoonyeshwa silo atakaloletewa. Kinachofaa kuchukuliwa ni muundo. Ikiwa kilichodumu ni video ya godoro linaloshushwa na kupimwa mbele ya mteja, basi muuzaji apige yake, kwa mzigo wake na mteja wake aliyeridhia kuonyeshwa.

Maktaba nyingine

Meta si peke yake. Google ilifungua Kituo cha Uwazi wa Matangazo mwezi Machi 2023, kwa anwani `adstransparency.google.com`. Humo huonekana matangazo ya watangazaji waliothibitishwa, yanayoonyeshwa kwenye utafutaji wa Google, YouTube na tovuti washirika, pamoja na tarehe yalipoonekana kwa mara ya mwisho. Hutafutwa kwa jina la mtangazaji au anwani ya tovuti yake, hivyo ni lazima mshindani awe anajulikana kwanza. TikTok ina maktaba kwa anwani `library.tiktok.com`, iliyojengwa hasa kwa ajili ya matangazo ya Ulaya. LinkedIn pia ina yake, inayofaa kwa anayeuza kwa makampuni.

Njia ya kuzisoma ni ileile, ila umri wa tangazo haupimwi sawasawa kila mahali. Kwenye Google tangazo la maneno linaweza kuishi miaka kwa sababu linajibu swali lilelile ambalo watu huuliza kila siku, wakati kwenye Facebook na TikTok watu huichoka sura moja mapema na wauzaji hulazimika kuitengeneza upya. Kwa hiyo muda wa tangazo ulinganishwe na mengine ya jukwaa hilohilo na ya bidhaa hiyohiyo. Tangazo la miezi mitatu ni la zamani pale ambapo washindani wote hubadilisha kila wiki, na ni la kawaida pale ambapo kila mmoja ana bango lake la tangu mwaka jana.